Kubadilisha jaketi kwenye picha bila kuharibu mkao: dalili, visababishi na marekebisho

Tuchukue kazi moja tuifuate hadi mwisho. Mteja ana picha aliyopigwa Dunga, Kisumu, ziwa likiwa nyuma yake. Amevaa jaketi la jinzi, amesimama kwa upande kidogo, na mkono wa kulia ameutia mfukoni hivyo kiwiko kimekunjika. Fundi wa soko la Kibuye ana koti la kitenge lililoning'inia kwenye hanga, na amelipiga picha kwa simu. Kinachotakiwa ni koti lile liwe mwilini mwa mteja, uso, mkono na mkao vibaki vilevile, na kitambaa kikunjike pale mwili unapokikunja.

Mpangilio unaozungumziwa hapa ni wa ComfyUI, programu ya kutengeneza picha kwa modeli za AI, ukiwa na modeli ya SDXL ya kujaza sehemu iliyofunikwa, IP-Adapter ya kusoma picha ya koti, na ControlNet ya depth, yaani ramani ya kina inayoonyesha kipi kiko karibu na kamera na kipi kiko mbali. Majina ya vitufe yameachwa kama yanavyosomeka kwenye skrini. Anzia hapa:

```
KSampler: denoise 1.0, seed fixed
IPAdapter: weight 0.8
ControlNet depth: strength 0.6, start_percent 0.0, end_percent 0.5
```

Acha `seed`, yaani namba inayoamua bahati nasibu ya kila picha, ikiwa imefungwa muda wote wa kutafuta tatizo, na ubadilishe kitu kimoja kwa wakati. `seed` ikibadilika kila mara, hutajua kama picha imepona kwa sababu ya ulichorekebisha au kwa bahati tu.

Jambo moja linaeleza nusu ya hitilafu zote zitakazofuata. Mikunjo kwenye nguo iliyovaliwa ni ya aina mbili. Kuna mikunjo ya mkao: ile inayotoka kwapani, inayozunguka kiwiko kilichopinda, inayovutwa na kifungo kilichofungwa. Hiyo lazima ibaki, maana mwili haujabadilika. Halafu kuna mikunjo ya kitambaa: jinzi huvunjika kwa mistari mifupi na migumu, ngozi huwa na makunyanzi yenye mng'aro, kitenge cha pamba chenye bitana huanguka kwa mawimbi mapana machache. Hiyo lazima iondoke pamoja na jaketi la zamani. Anayesema "mikunjo ibaki" huwa anamaanisha aina ya kwanza, lakini kompyuta haizitofautishi mpaka uitenganishie.

Dalili: jaketi la zamani linachungulia

Koti jipya limekuja, lakini kuna ukanda wa buluu ya jinzi shingoni, vifungo vya chuma vimejitokeza katikati ya maua, au pindo limekatika kiunoni kama jaketi la mwanzo ilhali koti la fundi hufika nyongani.

Mara nyingi kosa liko kwenye maski, yaani eneo ulilofunika ili lichorwe upya. Itazame juu ya picha halisi, uikuze mpaka uone pikseli, kisha uzungukie sehemu nne: chini ya kidevu, vifundo vya mikono, nafasi kati ya mkono na mbavu, na pindo. Ukanda wa pikseli tatu nne za jinzi ulioachwa nje ya maski unatosha kuiambia modeli kwamba jirani yake naye ni jinzi, nayo itaendeleza rangi hiyo ndani. Panua maski kwa `GrowMask` ya 12 hadi 20 kwa picha ya pikseli 1024, kisha ufute kwa mkono pale ilipoingia kwenye ngozi au nywele.

Kupanua kingo pekee hakutoshi kama koti jipya ni refu kuliko la zamani. Hapa pima. Kwenye picha ya fundi, upana wa mabega ni pikseli 500 na urefu kutoka bega hadi pindo ni 800, yaani urefu ni mara 1.6 ya mabega. Mabega ya mteja ni pikseli 300, kwa hiyo pindo linatakiwa liwe 480 chini ya bega. Jaketi lake la jinzi linaishia 390. Maski ikifuata jinzi, koti halina mahali pa kukaa, na modeli italikata kiunoni. Shusha maski mpaka 510 hivi ili pindo lipate nafasi ya kupumua. Mteja akiwa amegeuka kwa upande, mabega yake huonekana membamba kuliko yalivyo, kwa hiyo chukua hesabu hii kama makadirio na uongeze kidogo.

Koti jipya likiwa fupi kuliko la zamani, tatizo hugeuka. Maski lazima ifunike jaketi lote la zamani, na sehemu itakayobaki wazi chini ijazwe na shati na suruali. Modeli haijui kuna nini chini ya jaketi. Iandikie:

```
wax print blazer, two buttons, notch lapel, white shirt underneath, dark trousers, hand in pocket
```

Maski ikiwa sawa na bado jinzi inarudi, angalia `denoise`, yaani kiasi ambacho picha ya zamani inafutwa na kuchorwa upya. Ukitumia `Set Latent Noise Mask`, thamani ya chini ya 0.9 huacha rangi na vivuli vya zamani vikipenya, na buluu iliyokolea ni ngumu kuifunika kuliko kijivu. Ukitumia `VAE Encode (for Inpainting)`, kosa huwa kinyume: kiunganishi hicho hufuta eneo la maski na kuweka kijivu, hivyo `denoise` isipokuwa 1.0 utapata madoa ya kijivu yanayofanana na ukungu. Watu wengi hulaumu modeli kwa madoa hayo, kumbe ni namba moja tu.

Kisababishi cha mwisho, na ndicho kinachowapita wengi, ni ramani ya kina. Ifungue uitazame. Ukiona mstari wa vifungo na vifuniko vya mifuko ya kifuani vimechorwa humo, basi unaiagiza modeli ijenge jaketi la jinzi lenye rangi za kitenge. Tiba yake iko kwenye dalili inayofuata.

Dalili: mikunjo si ya kitambaa hiki, au haipo kabisa

Hii ina sura mbili. Katika ya kwanza kitenge kimejaa mistari mifupi migumu ya jinzi. Katika ya pili kitenge kimenyooka kabisa, maua yamepita juu ya kiwiko bila kupinda, na koti linaonekana kama limekatwa kwa makasi na kubandikwa.

Kwanza jua kinachotokea ndani. Modeli za aina hii huanza na chembechembe ovyo na kuzisafisha hatua kwa hatua. Hatua za mwanzo huamua maumbo makubwa: mkono uko wapi, kivuli kikubwa kiko upande gani. Hatua za mwisho hushughulikia uso wa kitambaa. Kwa hiyo ControlNet ikishika kuanzia mwanzo hadi 1.0, italazimisha hata makunyanzi madogo ya nguo ya zamani. Ikiachia katikati, mkao unakuwa umeshakaa na kitambaa kinapata uhuru wa kukunjika kwa tabia yake. Kitufe cha kutenganisha aina zile mbili za mikunjo ni `end_percent`.

Kama unaona makunyanzi ya jinzi, shusha `end_percent` kutoka 0.5 hadi 0.4, halafu 0.3, huku `strength` ikibaki 0.6. Usishushe `strength` kwanza. Ukifanya hivyo mkao wote hulegea, mikunjo mizuri na mibaya pamoja.

Ikiwa 0.3 bado haijaondoa vifungo na mifuko ya zamani, lainisha ramani yenyewe. Ipitishe kwenye ukungu wa Gauss wa radius 8 hadi 12 kwa picha ya 1024, lakini ndani ya eneo la kiwiliwili tu. Kingo za nje za mikono na mabega ziache kali, maana ndizo zinazobeba mkao. Njia ya haraka ni kufungua ramani kwenye programu ya GIMP, kuchagua kifua na tumbo, kisha kulainisha chaguo hilo peke yake. Mkunjo mpana wa kwapani utabaki, na kifungo cha chuma kitayeyuka.

Kwa koti lililonyooka kama ubao, sababu ya kawaida ni picha ya rejea. Koti la kwenye hanga limening'inia mikono ikiwa chini, halina mkunjo hata mmoja wa kiwiko. `weight` ya IP-Adapter ikizidi 1.0, modeli huiga hata unyoofu wa hanga. Rudisha 0.7 au 0.8 na uongeze maneno ya mkao kwenye maelezo, kama `bent elbow, creases at inner elbow`. Ukiweza, mwombe fundi apige koti likiwa limevaliwa na mtu yeyote, hata kama amesimama tofauti. Rejea iliyovaliwa hubeba tabia ya kitambaa, na hilo hanga haliwezi kukupa.

Ikishindikana, kuna kazi ya mkono ambayo studio nyingi zimeifanya tangu kabla ya modeli hizi, na bado inaaminika. Chukua jaketi la zamani kwenye picha halisi, ligeuze kuwa nyeusi na nyeupe, lilainishe kwa radius 10 hadi 15 ili mistari ya jinzi ife na vivuli vikubwa vibaki. Liweke tabaka hilo juu ya koti jipya kwa hali ya `Soft light`, opasiti asilimia 30 hadi 50, likiwa limefungwa ndani ya maski ya koti. Vivuli vya kiwiko na kwapa vitarudi mahali pake, tena kwa mwanga uleule wa jua la ziwani uliomwangukia mteja. Jaketi la zamani likiwa jeusi sana vivuli havisomeki na njia hii haizai kitu. Kwa jinzi ya buluu ya kawaida inafanya kazi vizuri.

Kuhusu maua: angalia ukubwa wake kabla ya kuangalia mkunjo. Ua lenye pikseli 80 kwenye koti lenye mabega ya 500 ni asilimia 16 ya mabega. Kwa mteja mwenye mabega ya 300, ua linatakiwa liwe karibu 48. Likija na 90, koti litaonekana la mtoto wa shule lililovaliwa na mtu mzima, na hakuna mkunjo utakaolitetea. Maua makubwa kupita kiasi mara nyingi hutokana na rejea iliyokatwa karibu mno: koti zima halionekani, kwa hiyo modeli haina kipimo.

Dalili: mkono umehama au vidole vimeongezeka

Maski imeingia kwenye mkono. Hiyo ndiyo sababu mara nyingi. Kila kilichomo ndani ya maski huchorwa upya, na vidole huchorwa vibaya. Mkono wa mteja wetu uko mfukoni, kwa hiyo kinachoonekana ni kifundo na sehemu ya kiganja. Kata maski iishie pikseli chache chini ya mwisho wa mkono wa jaketi, usizidi hapo. Kama koti jipya lina mkono mrefu zaidi na lazima lifunike sehemu ya kifundo, ruhusu maski iingie kwa urefu huo tu.

Maski ikiwa safi na kiwiko kimenyooka, ControlNet imeachia mapema mno. Pandisha `end_percent` hadi 0.6, kisha `strength` hadi 0.75. Mikono iliyokunjwa kifuani ni ngumu zaidi, kwa sababu ramani ya kina hushindwa kutofautisha mkono ulio juu na ulio chini vinapokaribiana. Hapo ongeza ControlNet ya pili ya mistari, kama `canny` au `lineart`, lakini ufute kwenye mchoro wake kila mstari wa jaketi la zamani na ubakize mpaka wa mikono peke yake. Ni kazi ya kufuta kwa mkono, nusu saa au zaidi. Kama mteja ana picha nyingine mikono ikiwa wazi, tumia hiyo.

Dalili: vifungo, kola au nembo si za koti lile

IP-Adapter ya kawaida husoma rejea kupitia CLIP, modeli ya kusoma picha, ambayo hupunguza picha hadi mraba wa pikseli 224 kwa 224. Picha ya simu iliyosimama wima hukatwa juu na chini ili iwe mraba, na hapo ndipo kola na pindo hupotelea. Kabla ya kurekebisha chochote kingine, weka koti katikati ya mraba mweupe likiwa zima, bila kichwa cha hanga na bila nguo za jirani kibandani. Marekebisho hayo peke yake huokoa rejea nyingi.

Kinachobaki ni mipaka halisi. Katika pikseli 224, kifungo cha koti ni vidoti vichache na maandishi hayasomeki. Tena SDXL hufanya kazi kwenye nafasi iliyobanwa mara nane kila upande, hivyo kitu chenye upana wa chini ya pikseli 8 kwenye picha yako hakina uhakika wa kutoka sawasawa. Usipoteze jioni ukibadilisha `weight` ili nembo ya shule isomeke. Toa koti bila nembo, kisha ibandike kutoka kwenye picha ya rejea kwa GIMP, uipindishe ifuate kifua, na uipitishie tabaka la vivuli lilelile la `Soft light`.

Angalia pia upande wa vifungo. Kwa kawaida koti la kiume lina vifungo upande wa kulia wa mvaaji, la kike upande wa kushoto. Rejea iliyopigwa kwa kamera ya mbele ya simu huenda imegeuzwa kama kwenye kioo. Fundi mwenyewe atakiona kosa hilo kabla hujamaliza kumwonyesha.

Kama unatumia modeli za kujaribishia nguo kama IDM-VTON au CatVTON badala ya IP-Adapter, maua na kola hutoka vizuri zaidi, kwa kuwa zimefunzwa kwa kazi hii hasa. Zilifunzwa kwa picha za wima za 768 kwa 1024 za watu waliosimama wakitazama kamera, na mteja aliyeketi au kugeuka sana huzichanganya. Yaliyosemwa juu ya maski yanazihusu vilevile.

Dalili: mstari shingoni, ngozi imebadilika rangi

Picha nzima hupitia VAE, sehemu inayoibana picha kwa ajili ya modeli na kuifungua tena, kwenda na kurudi, na safari hiyo husogeza rangi kidogo hata nje ya maski. Uso hupoteza makali, ngozi hupauka. Usiirekebishe kwa rangi. Rudisha pikseli za asili: tumia `ImageCompositeMasked` kuweka koti jipya peke yake juu ya picha ya mwanzo, maski ikiwa imelainishwa ukingoni kwa pikseli 6 hadi 10. Uso utakuwa uleule wa kamera.

Mstari ukibaki shingoni baada ya hapo, ni kwa sababu kivuli cha kola ya zamani kimebaki kwenye ngozi na kola mpya iko mahali pengine. Panua maski ipande shingoni pikseli 15 na upitishe mara ya pili kwa `Set Latent Noise Mask`, `denoise` ikiwa 0.35 tu. Nywele zilizosukwa zikianguka juu ya kola, zitoe kwenye maski msuko kwa msuko. Modeli ikiachiwa misuko itaimaliza hewani.

Dalili: rangi ya koti si ile ya dukani

Rejea imepigwa chini ya balbu ya njano au turubai la buluu. Mwombe fundi atoe koti nje, kivulini, aweke karatasi nyeupe kando yake. Sawazisha weupe wa rejea kwa karatasi hiyo kabla ya kuiingiza. Kurekebisha rangi baadaye juu ya koti lililokwisha kutoka huvuruga maua.

Pa kusimama

Koti lisilo na mikono juu ya mtu aliyevaa jaketi la mikono mirefu: simama. Modeli italazimika kubuni mikono yake, na haitakuwa mikono yake. Kovu, chale na unene vyote vitabuniwa. Omba picha nyingine mikono ikiwa wazi.

Bango la ukutani au kazi ya kuchapishwa zaidi ya ukubwa wa A3: mpe mhariri wa picha mwenye uzoefu wa chapa tangu mwanzo, ukimkabidhi faili ya asili, maski na tabaka la vivuli. Mishono isiyoonekana kwenye simu huonekana hatua mbili kutoka kwenye bango.

Fundi akitaka kuuza koti kwa picha hiyo, mwonyeshe mnunuzi na picha ya koti halisi. Mkao wa nguo kwenye picha iliyotengenezwa hauthibitishi kwamba litamkaa hivyo.

Mwenye sura ndiye wa kukubali kwanza, si mwenye koti. Sura inayomtambulisha mtu ni data binafsi chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019, kwa hiyo pata idhini yake kwa maandishi kabla picha haijatumika kutangaza biashara.

Picha ya pasipoti au ya kitambulisho usiiguse hata kama ni koti tu linalobadilishwa. Mteja avae koti, apigwe upya.